Kuhamisha DNS bila kupoteza barua: hesabu ya kampuni ya mpakani Tunduma

Wakala wa forodha wa Tunduma anaishi kwa karatasi ambazo nyingi hazichapishwi tena. Nakala ya bili ya shehena inatoka Dar es Salaam, ankara inakwenda kwa mteja wa Lubumbashi, na jibu la mwenzake wa Nakonde linatoka mahali anapoweza kufika kwa miguu. Zote zinapita kwenye baruapepe. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 kilipunguza usumbufu wa lori moja kusimama pande mbili, lakini barua zilibaki palepale. Kampuni iliyokua kidogo hujipatia kikoa chake cha .co.tz, na mapema au baadaye hufika siku ya kutaka kuihamisha DNS ya kikoa hicho kwenda kwa mtoa huduma mwingine, ama kwa sababu ya bei, ama kwa sababu seva za yule wa kwanza huzimika mara kwa mara. Tovuti huhama vizuri. Kinachopotea njiani mara nyingi ni barua, na hupotea bila kelele.

Ofisi za serikali za mkoa wa Songwe, kuanzia makao makuu ya Vwawa hadi halmashauri, hazimo sana katika hesabu hii, maana vikoa vya .go.tz vina utaratibu wake chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Suala linawahusu watu binafsi: mawakala, vyama vya ushirika vya kahawa vya Mbozi, shule, zahanati, wenye malori. Hawa kwa kawaida walinunua kila kitu kwa mkupuo mmoja kutoka kampuni moja ya Dar es Salaam, ndiyo maana wengi huamini kuwa kikoa, tovuti na baruapepe ni kitu kimoja.

Ni vitu vinne. Usajili wa kikoa uko kwa msajili aliyeidhinishwa, naye huandikisha jina kwenye rejista ya .tz, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la tzNIC. Tovuti iko kwenye seva fulani. Masanduku ya barua yako kwenye seva hiyohiyo, au pengine kabisa. DNS ni daftari linalowaambia walimwengu hivyo viwili viko wapi. Kuhamisha DNS maana yake ni kubadilisha jambo moja tu kule kwenye rejista: majina ya seva zinazolishika daftari, yaani rekodi za NS. Tovuti haihami, wala sanduku la barua halihami. Daftari la zamani linaachwa na daftari jipya ndilo linalosomwa, na chochote ambacho hakikunakiliwa kwenye daftari jipya hakipo tena duniani.

Basi hatari nzima iko kwenye kunakili. Ugumu wake ni kwamba DNS hujibu swali uliloliuliza tu. Ukiiuliza MX ya kikoa itakupa. Ukiiambia ikutajie majina yote iliyo nayo, seva iliyosanidiwa vizuri itakataa. Mtoa huduma mpya akikuonyesha ukurasa unaosema amekusanya rekodi zako mwenyewe, amefanya ubashiri: ameuliza majina yanayotumika sana, kama www na mail, na kuandika yaliyojibu. Jina ambalo hakulifikiria hakuliona. Cloudflare, ambayo mafundi wengi wa huku huikimbilia kwa kuwa ina huduma ya bure, hufanya hivyo, na yenyewe inakuomba uhakiki orodha kabla ya kuendelea. Watu huubonyeza mbele ule ukurasa.

Tuchukue kampuni moja ya kubuni ya Tunduma ili tuone kwa karibu, na kikoa chake tukiite mfano.co.tz. Tovuti iko kwenye seva ya cPanel jijini Dar es Salaam, anwani 192.0.2.10. Barua za wafanyakazi zilihamia Google Workspace siku nyingi. Lakini mfumo wa ankara uko ndani ya tovuti, na ankara zinatumwa na ileile seva ya Dar. Juu ya hapo, waraka wa bei za kila mwezi kwa wateja hutumwa kwa Mailchimp. Kampuni ina watu sita tu, na tayari ina njia tatu za kutumia jina lake kwenye barua. Mkurugenzi akiulizwa baruapepe yao iko wapi atajibu "Google", na fundi atakayeamini jibu hilo ameshapoteza njia mbili.

Daftari lao la zamani, kwa upande wa barua, lina haya:

```
mfano.co.tz.         MX   1 smtp.google.com.
mfano.co.tz.         TXT  "v=spf1 +a +mx include:_spf.google.com ~all"
_dmarc               TXT  "v=DMARC1; p=quarantine; rua=mailto:ripoti@mfano.co.tz"
google._domainkey    TXT  "v=DKIM1; k=rsa; p=MIIBIj..."
default._domainkey   TXT  "v=DKIM1; k=rsa; p=MIIBIj..."
k2._domainkey        CNAME dkim2.mcsv.net.
k3._domainkey        CNAME dkim3.mcsv.net.
```

MX ndiyo inayoogopwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye hatari ndogo kuliko zote, kwa sababu ikikosekana mtu atagundua siku ileile. Hata hivyo namna inavyoumiza inafaa kueleweka. Kikoa kisichokuwa na MX hakihesabiwi kuwa hakipokei barua. Kanuni ya SMTP inasema anayetuma aangalie rekodi ya A na apeleke barua kwenye anwani hiyo. Kwa kampuni yetu anwani hiyo ni seva ya tovuti, ile ya Dar, ambayo ina programu ya barua inayosikiliza, na huenda bado ina masanduku ya enzi za kabla ya Google. Ikiwa sanduku la info@ bado lipo pale, barua itapokewa na kulala humo bila mtu kujua. Ikiwa halipo, seva itajibu 550, yaani hakuna mtu huyo, na barua itarudishwa papo hapo. Seva ingekuwa imezimika kabisa ingekuwa nafuu: anayetuma angejaribu tena na tena kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa, na wewe ungekuwa na muda wa kurekebisha. Seva iliyo hai lakini isiyo yako ndiyo mbaya.

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, na wengi wakiinakili herufi kwa herufi hupumua. Hapo ndipo mtego ulipo. Tazama ile `+a` kwenye mfano wetu. Maana yake ni "anwani yoyote iliyo kwenye rekodi ya A ya kikoa hiki iruhusiwe". Kwenye daftari la zamani hiyo ilikuwa 192.0.2.10, seva ya ankara. Sasa fundi amehamia Cloudflare na kuacha lile wingu la rangi ya chungwa likiwaka kwenye rekodi ya A, ili tovuti ipitie kwao. Tangu hapo dunia ikiuliza A ya mfano.co.tz inapewa anwani za Cloudflare. Maandishi ya SPF hayajabadilika hata nukta, lakini maana yake imebadilika: seva ya ankara haimo tena. Dawa ni kuandika anwani waziwazi, na kufanya hivyo siku kadhaa kabla ya kuhama, kwenye daftari la zamani:

```
v=spf1 ip4:192.0.2.10 include:_spf.google.com ~all
```

`+mx` nayo nimeiondoa. Ilikuwa na kazi enzi ambazo seva moja ilipokea na kutuma. Sasa MX inaelekea Google, na Google tayari imetajwa. Jihadhari pia na jambo dogo linalotokea sana: mtoa huduma mpya au msaidizi wa kusanidi barua huongeza SPF yake pembeni ya ile yako. Kikoa chenye rekodi mbili zinazoanza na `v=spf1` hakina hata moja. Mpokeaji huhesabu kuwa ni kosa na kuacha kuisoma. Ziunganishe ziwe mstari mmoja.

Wingu hilohilo la chungwa lina madhara mengine kwa wale ambao barua zao bado ziko kwenye cPanel na MX yao inaelekea mail.mfano.co.tz. Jina hilo likipitishwa Cloudflare, programu za barua kwenye simu za wafanyakazi zitagonga mlango ambao hauna mtu, kwa sababu kule hupita trafiki ya tovuti, barua hazipiti. Majina yote ya barua yaachwe na wingu la kijivu.

Sasa DKIM, ambayo ndiyo roho ya makala hii. Kila seva inayotuma huitia barua saini kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huuchukua ufunguo wa hadharani kutoka DNS ili ahakiki. Ni kama lakiri ya kontena: mzigo unaweza kuwa halali kabisa, lakini lakiri isiyotambulika inatosha kuliweka lori kando. Ufunguo huo hukaa chini ya jina lenye sehemu inayoitwa kiteuzi, na kiteuzi huchaguliwa na anayetuma. cPanel huita `default`, Google kwa kawaida `google`, Microsoft 365 hutumia `selector1` na `selector2`, na mifumo mingine huweka tarehe au herufi zisizobashirika. Hakuna swali la DNS linaloweza kukupa orodha ya viteuzi vyako. Kwa hiyo ubashiri wa mtoa huduma mpya ukikosa kimoja, hutaoneshwa kosa lolote.

Viteuzi hupatikana mahali pawili. Pa kwanza ni faili la zoni lenyewe: ingia kwenye paneli ya zamani na ulipakue zima, au umwombe mwenye seva akutumie. Hilo ndilo daftari halisi, kila njia nyingine ni kukisia. Pa pili ni kwenye barua zenyewe. Tuma barua kutoka kila njia ambayo kampuni hutumia, ankara moja, barua moja ya kawaida, waraka mmoja, ziende kwenye anwani ya Gmail ya nje. Ufungue maandishi asili ya kila moja na utafute mstari huu:

```
DKIM-Signature: v=1; a=rsa-sha256; d=mfano.co.tz; s=default; ...
```

Kilicho baada ya `s=` ndicho kiteuzi, na `d=` inathibitisha kuwa saini ni ya kikoa chako. Njia hii ina faida ambayo faili la zoni halina: inakuonyesha ni ufunguo upi unatumika kweli, maana zoni ya miaka mingi huwa na funguo za huduma zilizokwisha kuachwa. Lakini haioni njia uliyoisahau. Kwa hiyo fanya yote mawili, na ukiona kiteuzi kwenye zoni usichokijua, kinakili hivyohivyo. Rekodi ya ziada haizuii barua kufika.

Kunakili ufunguo wenyewe kuna makwazo yake. Ufunguo wa biti 2048 ni kama herufi 400, ilhali kipande kimoja cha maandishi ndani ya rekodi ya TXT hakizidi baiti 255, hivyo faili la zoni huuandika kwa vipande viwili kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu. Paneli nyingine hutaka uvipeleke hivyo vilivyo, nyingine hutaka uviunganishe na kuvikata zenyewe. Ukikosea, ufunguo unapata alama ya kunukuu au nafasi mahali pasipostahili, na kwa macho hutaona tofauti. Kosa jingine ni la jina. Paneli nyingi huongeza jina la kikoa zenyewe. Ukiandika `default._domainkey.mfano.co.tz` kwenye kisanduku cha jina, rekodi inazaliwa ikiwa `default._domainkey.mfano.co.tz.mfano.co.tz`, na hakuna atakayeiuliza kamwe.

DMARC, rekodi ya mwisho, humwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyothibitika, na ndiyo inayoamua uzito wa makosa mengine yote. Barua hupita DMARC ikiwa SPF au DKIM moja tu imefaulu kwa jina la kikoa kilekile kinachoonekana kwa msomaji. Ndiyo sababu upungufu unaweza kujificha: kampuni iliyopoteza DKIM ya seva ya ankara lakini SPF yake ni nzima itaendelea kufikisha ankara, hadi mteja wa Lusaka aliyeweka barua zake zielekezwe kwenye anwani nyingine. Barua ikielekezwa upya, SPF huvunjika kwa sababu seva inayoileta sasa si yako, na DKIM ndiyo iliyokuwa iibebe. Kwa mteja mmoja ankara inafika, kwa mwingine haifiki, na Tunduma wanalaumiana na mhasibu.

Katika mfano wetu vyote viwili vimeanguka: `+a` imepoteza seva, na `default` haikunakiliwa. Kwa `p=quarantine` ankara zinaingia kwenye spamu. Kama ingekuwa `p=reject`, Gmail ingezirudisha na msimbo 550-5.7.26 ikisema barua haijathibitishwa na sera ya DMARC ya kikoa inaikataa. Taarifa hiyo ya kurudishwa inakwenda kwa aliyetuma, yaani kwenye anwani ya mfumo wa ankara, ambayo kwa kawaida hakuna mtu anayeisoma. Kukimbilia kuifuta DMARC ili "mambo yapite" hakusaidii sana, maana SPF na DKIM bado zimevunjika, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila anayetuma awe na walau moja, na wanaotuma kwa wingi, ambao Google inawahesabu kuanzia barua 5,000 hivi kwa siku kwenda Gmail, wawe na zote tatu.

Kuhusu muda, ushauri unaosikika kila mahali ni kupunguza TTL kabla ya kuhama. Si mbaya, ila unapewa uzito usiostahili. TTL ya MX inasema jibu la MX likae muda gani kwenye kumbukumbu za seva za wengine. Kinachobadilika siku ya kuhama ni NS, na NS ina TTL yake, ambayo upande wa rejista huwezi kuigusa. Kwa siku moja au mbili, pengine zaidi, baadhi ya dunia itasoma daftari la zamani na baadhi jipya. Ukiwa Tunduma utajaribu kupima kwa simu yenye laini ya Tanzania na laini ya Zambia, upate majibu mawili, na uanze kuhangaika. Majibu hayo hayana uzito. Njia ya barua kutoka Lubumbashi inaulizwa na seva ya barua ya yule mteja, popote ilipo, wala haipiti kwenye simu yako. Kinga ni madaftari mawili yanayosema neno moja. Yakifanana, anayesoma la zamani na anayesoma jipya wote wanafika, na TTL inakosa la kuharibu.

Kwa hiyo kipimo kinafanyika kabla ya kugusa NS. Seva mpya hujibu ukiiuliza moja kwa moja hata kama dunia haijaelekezwa kwake, na kila rekodi inaulizwa mara mbili:

```
dig +short TXT default._domainkey.mfano.co.tz @seva-ya-zamani
dig +short TXT default._domainkey.mfano.co.tz @seva-mpya
```

Weka majina halisi ya seva baada ya alama ya `@`, viunganishe vipande vya ufunguo uliokatwa, kisha linganisha herufi kwa herufi kwa programu, usitumie macho. Rudia kwa MX, kwa TXT ya kikoa, kwa `_dmarc`, na kwa kila kiteuzi. Tofauti pekee inayokubalika ni uliyoitaka mwenyewe. Na usibadilishe NS kwanza ukidhani utajaza baadaye, maana hata jibu la "haipo" huwekwa kwenye kumbukumbu. Mpokeaji aliyeuliza ufunguo dakika tano kabla hujauweka anaweza kuendelea kuamini kuwa haupo kwa nusu saa au saa kadhaa, kutegemea SOA ya daftari jipya.

Kuna mambo mawili ambayo nimeona wengi wakiyaruka. Kama kikoa kimetiwa saini ya DNSSEC, rekodi ya DS iondolewe kwenye rejista kwanza, TTL yake iishe, ndipo NS zibadilishwe; vinginevyo seva zinazohakiki saini zitalikataa daftari jipya zima, tovuti na barua pamoja. La pili ni la kiutawala tu: anwani ya mawasiliano iliyoandikwa kwa msajili mara nyingi ni info@ ya kikoa hichohicho. Barua zikikatika, na msajili akitaka uthibitisho kwa barua, umejifungia nje. Ibadilishwe iwe anwani ya nje kabla ya kazi kuanza.

Mafundi hupenda kufanya kazi hii Ijumaa usiku. Mimi naona Jumanne asubuhi ni bora. Kazi iliyoandaliwa hivi haina muda wa kuzimika unaohitaji kufichwa, na ikiharibika unataka mtu wa msajili awe mezani kwake anapokea simu. Ndani ya saa chache baada ya kubadilisha, tuma tena zile barua tatu kwenda Gmail na usome mstari wa `Authentication-Results`: kila moja iwe na `spf=pass`, `dkim=pass` na `dmarc=pass`. Wiki mbili zinazofuata zisome ripoti za DMARC zinazofika kwenye anwani ya `rua`. Ukiona 192.0.2.10 ikishindwa, umejua ni ankara. Ukiona anwani usiyoitambua ikishindwa leo ilhali mwezi uliopita ilifaulu, kuna njia ya nne ambayo hakuna aliyeitaja.

Mwambie pia kila mwenye nywila ya cPanel kwamba ile sehemu ya kuhariri DNS iliyomo humo bado inafunguka na bado inakubali mabadiliko, lakini hakuna anayeisoma tena. Na akaunti ya kampuni ya zamani isifungwe kwa haraka. Ikifungwa, daftari la zamani hufutwa wakati bado kuna wanaolisoma, na faili la zoni huondoka nalo. Kama hamjalipakua, lipakueni leo, hata kama hamna mpango wa kuhama mwaka huu.